Ganuni Imekwenda Wapi? Maswali ya wanaosoma majina kwenye jaketi la albamu

Kwa nini kila jibu hapa linarudi kwenye ganuni?

Kwa sababu kutosikika kwa ala hii ya nyuzi ndilo lalamiko ninaloletewa kuliko jengine lolote. Mtu ananunua albamu ya taarab asilia, anarudi nayo nyumbani Kikwajuni au Chake Chake, anakaa kitako kuisikiliza, halafu ananipigia simu: "Wewe si unafanya kazi na hao? Mbona ganuni haisikiki?" Kisha anageuza jaketi na kuanza kunisomea majina, anatafuta wa kumlaumu. Prodyuza huyu hapa, mpangaji muziki huyu, aliyerekodi, aliyechanganya. Yupi kati yao ameila ganuni?

Mimi ni mtu wa kebo na maiki. Nimekaa pembeni ya kazi hizi muda mrefu, na naweza kukwambia kwamba yeyote kati ya hao wanne anaweza kuila, kila mmoja kwa njia yake, na kila njia ina ladha yake sikioni. Nitakueleza kwa wimbo mmoja tuliorekodi kwenye ukumbi wa Mji Mkongwe. Kikundi sikitaji, maana ganuni yetu sisi ndiyo iliyoliwa.

Kwanza nipe kwa ufupi: nani ni nani?

Mpangaji muziki anaamua ala ipi ipige nini na wakati gani. Fundi wa kurekodi anaikamata sauti inayotoka kwenye ala na kuiweka kwenye mashine. Fundi wa kuchanganya, ambaye wengi humwita mtu wa miksi, anachukua sauti zilizokamatwa, kila moja kwenye mstari wake, na kuzifanya ziwe wimbo mmoja wa kusikilizwa kwa masikio mawili. Prodyuza ndiye anayejibu kwa kazi nzima: ndiye anayesema "hapa tumepata" au "rudieni", na ndiye anayejua pesa zimebaki ngapi.

Kwenye jaketi au kwenye apu utaziona kazi hizo kwa maandishi haya: `Arranged by`, `Recorded by`, `Mixed by`, `Produced by`. Mpangilio wa majina kwenye karatasi hausemi lolote kuhusu mpangilio wa kazi. Prodyuza huandikwa juu kabisa, lakini ukitaka kuielewa albamu mfuate yeye mwisho.

Mtunzi ameshatunga. Mpangaji muziki amebakishiwa nini?

Amebakishiwa karibu kila unachokisikia isipokuwa maneno na sauti ya kuimbia. Mtunzi wa muziki anakuja na udi wake, anaimba ubeti na kiitikio, na hapo wimbo upo. Lakini mbele yake wamekaa watu kumi na moja. Kwenye wimbo wetu walikuwepo mpiga ganuni, mpiga udi, mpiga filimbi ya nai, mpiga akodioni, fidla tatu, chelo, besi, na wapiga ngoma wawili, wa dumbaki na wa rika. Nani aanze? Mwimbaji akimaliza mstari, nani amjibu? Fidla zipige pamoja na sauti ya mwimbaji au zinyamaze mpaka kiitikio? Wimbo wenyewe ulikuwa na beti nne. Je, muziki wa kati ya ubeti wa kwanza na wa pili urudiwe vile vile kati ya wa tatu na wa nne, au msikilizaji apewe kitu chengine?

Hayo yote ni ya mpangaji. Kwenye vikundi vyetu mara nyingi huwa ni kiongozi wa wanamuziki, yule anayeitwa Maalim, na hakuna anayefikiria kumwandika kwa sababu kila mtu anamuona pale kila wiki. Baadhi huandika nota, khasa vijana waliopitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002. Wengine huimba tu kipande kwa mdomo na kumnyooshea kidole mtu: "Wewe, piga hii."

Sasa ganuni. Ni ala yenye nyuzi sabini na kitu, zimefungwa tatu tatu kwa kila noti, na inapigwa kwa vipini viwili vilivyovikwa kwenye vidole vya shahada. Kila mguso unatoa sauti kali mwanzoni, kisha inafifia upesi. Akodioni ni kinyume chake: ukishikilia kitufe na kuvuta mifuko, sauti inakaa pale pale mpaka uiachie. Ukiziweka ala hizi mbili kupiga kipande kimoja, kwenye noti zile zile, kwa wakati mmoja, akodioni itaifunika ganuni kama shuka. Kitakachobaki sikioni ni ule mguso wa mwanzo tu, tik tik tik, kama mtu anagonga glasi chumba cha pili. Hapo hakuna maiki wala kompyuta itakayokusaidia. Ganuni imeliwa kabla ya fundi kufika na kebo zake.

Maalim anayejua kazi yake anaziachanisha. Akodioni ipige noti ndefu chini, ganuni ipige juu. Au ganuni imjibu mwimbaji peke yake, na akodioni iingie kwenye kiitikio na fidla. Kuna sababu nyengine pia ya kuziachanisha. Kwenye makam, yaani ngazi za noti za Kiarabu, kama Bayati kuna noti iliyokaa katikati ya noti mbili za kawaida, haipo kwenye piano wala kwenye akodioni ambayo vilimi vyake havikurekebishwa. Mpiga ganuni anaipata kwa kunyanyua vile vipande vidogo vya chuma upande wa kushoto. Mpiga akodioni hana pa kuipata. Wakipiga noti hiyo pamoja utasikia kitu kinasuguana, na wasikilizaji husema "ganuni haikutiwa sauti vizuri." Masikini mpiga ganuni.

Wapigaji wa taarab si wanaijua kazi yao tangu watoto? Wanahitaji kupangwa?

Jukwaani wanapangana kwa macho. Mpiga nai akimuona wa ganuni ameinamia nyuzi, ananyamaza. Kwenye kurekodi, nusu yao wamevaa hedifoni na mmoja yuko chumba cha pili. Macho hayafiki.

Fundi wa kurekodi si ndiye anayebonyeza kitufe tu?

Kitufe kinabonyezwa na yeyote. Kazi ya fundi imekwisha kabla hajakibonyeza, nayo ni kuamua nani akae wapi, na maiki ikae wapi mbele yake.

Tazama hesabu tuliyokuwa nayo siku ile. Mashine yetu ilikuwa na njia nane za kuingilia. Wapigaji kumi na moja, mwimbaji wa kumi na mbili, na waitikiaji wanne. Njia nane hazitoshi, kwa hiyo kuna watu watagawana maiki, na wakishagawana hawataachana tena milele: ukiipandisha maiki yao, wote wanapanda. Fundi akagawa hivi. Mwimbaji maiki yake. Ganuni yake, udi wake, nai yake, akodioni yake, besi yake. Fidla tatu na chelo wakapewa moja, kwa hiyo fundi aliwasogeza na kuwarudisha nyuma mpaka akaridhika na walivyosikika pamoja. Dumbaki na rika wakapewa ya nane. Waitikiaji wakaambiwa wasubiri, waimbe usiku juu ya kilichokwisha kurekodiwa.

Hapo hapo fundi ameshamfungia mtu wa miksi milango miwili. Kama chelo imezidi fidla, imezidi. Kama rika iko chini ya dumbaki, itabaki chini.

Kisha kuna mambo ya ukumbi. Pangaboi lazima zizimwe, maana mvumo wake unaingia kwenye kila maiki. Zikizimwa, baada ya nusu saa watu wanatoka jasho na hewa inakuwa nzito, na ganuni inaanza kushuka: chini ya daraja la nyuzi zake kuna vipande vya ngozi, na ngozi ikivuta unyevu inalegea. Fundi mzuri anasikia hilo mapema na kusimamisha kazi ili itiwe sauti upya. Mji Mkongwe pia una misikiti kila kona, kwa hiyo ratiba inapangwa kwa kufuata adhana. Hakuna mchujo wa kompyuta utakaomtoa muadhini kwenye maiki ya nai bila ya kuidhuru nai yenyewe.

Na kuna kipimo. Sauti ikiingia kwa nguvu kupita uwezo wa mashine, vilele vyake vinakatwa, inapasuka, na haitengenezeki vizuri baadae. Fundi anaacha nafasi juu. Anapowaambia wapige kwa nguvu zao zote mwanzoni, huwa anatafuta kilele hicho, ingawa wao hudhani anawajaribu.

Nimesikia mafundi wakisema sauti "imevuja". Imevuja wapi?

Hapa ndipo ganuni yetu ilipokwenda, kwa hiyo nipe subira.

Maiki haina adabu. Uliiweka kwa ajili ya ganuni, lakini itachukua chochote kinachoifikia. Dumbaki ikiwa karibu, dumbaki itaingia kwenye maiki ya ganuni pia. Huko ndiko kuvuja. Kidogo hakidhuru, na rekodi nyingi nzuri zina uvujaji, ndio unaokupa ile hisia ya watu kukaa pamoja. Tabu inaanza pale anayevuja anapokuwa na nguvu sawa na mwenye maiki.

Siku ile wanamuziki walikaa kama wanavyokaa jukwaani. Mpiga dumbaki alikuwa nyuma ya mpiga ganuni, kama mita moja na nusu kutoka kwenye maiki ya ganuni. Maiki yenyewe ilikuwa sentimita sitini juu ya nyuzi. Mafundi wana kipimo cha mkono kwa jambo hili: kama maiki iko umbali fulani kutoka kwa mwenyewe, maiki ya jirani iwe mbali angalau mara tatu ya hapo. Sisi hata mara tatu hatukufika, na jirani alikuwa dumbaki, ambayo kwa nguvu inaizidi ganuni mbali sana.

Fundi aliliona. Aliomba mpiga dumbaki ahamie upande wa pili wa ukumbi. Maalim akakataa: wale wawili wanasikilizana, ukiwatenganisha mwendo utapotea. Wote wawili walikuwa na haki. Fundi angeweza kuishusha maiki mpaka sentimita ishirini na tano, lakini ukiikaribia mno ganuni unapata nyuzi za katikati tu, za pembeni zinapotea. Aliyepaswa kukata shauri hilo ni prodyuza, na prodyuza alikuwa nje uani anazungumza na simu. Tukaanza kurekodi.

Sasa si kazi ya mtu wa miksi kuitengeneza?

Alijaribu. Wiki iliyofuata alikaa na zile njia nane na waitikiaji wao. Kazi yake ni kuweka kila sauti mahali pake: ipi juu, ipi chini, ipi kushoto, ipi kulia, ipi karibu, ipi mbali kwa kuitia mwangwi. Kwa ikwalaiza anapunguza sehemu ya sauti inayogombana na nyengine. Kwa kompresa anabana mahali mwimbaji alipopaza na kuinua alipolegeza, ili maneno yasipotee. Kwenye taarab maneno ndiyo mwenye nyumba, basi sauti ya mwimbaji huwekwa kwanza na wengine wote wanajipanga kuizunguka.

Akafika kwenye ganuni, iko chini. Akaipandisha. Dumbaki ikapanda nayo, kwa sababu ilikuwa imo mle mle. Akaishusha dumbaki kwenye maiki yake yenyewe, na hapo dumbaki ikawa na sauti ya debe, tupu katikati. Sababu yake si uchawi. Sauti inatembea mita moja kwa kiasi cha sehemu tatu za elfu ya sekunde. Dumbaki ilifika kwenye maiki yake karibu papo hapo, na kwenye maiki ya ganuni ikachelewa kidogo. Ukizichanganya hizo mbili zikiwa na nguvu sawa, baadhi ya sehemu za sauti zinaongezeana na nyengine zinafutana. Kinachobaki kina mashimo.

Akajaribu ikwalaiza. Lakini ule mguso mkali wa ganuni na ule mlio wa pembeni ya dumbaki unakaa sehemu zile zile za juu. Kila alichompunguzia dumbaki alimpunguzia na ganuni.

Tukamwita mpiga ganuni aje apige upya peke yake. Akapiga vizuri kuliko siku ya kwanza. Lakini ganuni ya zamani ilikuwa imevuja kwenye maiki ya udi, na kila alipokosana hata nukta na alivyopiga mwanzo, zilisikika ganuni mbili, moja mbele na kivuli chake nyuma. Alipaswa kujifuata mwenyewe kama mtu anayekanyaga nyayo zake mchangani, na mpiga ganuni wa kweli hapigi kipande mara mbili sawa.

Mwisho wake mtu wa miksi alifanya kitu ambacho si chake. Alimpigia Maalim akamuomba ruhusa ya kuinyamazisha akodioni kwenye majibu ya ubeti wa pili na wa tatu. Akodioni ilikuwa imekaa mbali, upande wa mlangoni, na uvujaji wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo ilizimika bila ya kuacha kivuli. Ganuni haikupanda hata kidogo, lakini ikasikika. Nafasi ilipatikana kwa kumuondoa jirani.

Hapo basi mtu wa miksi si amekuwa mpangaji?

Kwa dakika moja, ndio. Kwenye jaketi hakuandikwa hivyo, na yeye hakudai. Mpaka baina ya kazi hizi ni ufukwe: maji yanapanda na kushuka. Mimi ninavyoona, jina la kuandika ni la yule ambaye kazi ingekwama bila ya ruhusa yake. Mtu wa miksi hakuizima akodioni mpaka Maalim alipokubali. Kwa hiyo mpangaji ni Maalim.

Nikiwa nyumbani na simu yangu, nitajuaje ganuni imeliwa na nani?

Kwanza hakikisha hujaila wewe. Ganuni mara nyingi huwekwa upande mmoja, kulia au kushoto. Ukivaa kidude kimoja cha sikioni na kumpa rafiki yako cha pili, mmoja wenu anasikiliza wimbo usio na ganuni. Nimewahi kumaliza malalamiko matatu kwa ushauri huo tu.

Ukishavaa vyote viwili, tafuta mahali ganuni inapopiga na wachache: takasimu ya mwanzo, pale ala moja inapopiga peke yake, au jibu dogo baada ya mstari wa mwimbaji. Sikiliza hapo, kisha sikiliza inapoingia bendi nzima.

Kama pale peke yake iko karibu, unasikia hata vipini vikigusa nyuzi, halafu akodioni au fidla zikiingia na kipande kile kile inatoweka, basi hilo ni la mpangaji. Kama iko wazi peke yake, na wengine hawapigi noti zake, lakini bado iko chini kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hilo ni la mtu wa miksi, au la aliyemuamrisha.

Kama hata peke yake inasikika mbali, kama iko ukumbini na wewe uko barazani, na ngoma zikipiga unasikia utupu wa debe, hilo limetokea siku ya kurekodi. Dalili nyengine ya siku ya kurekodi ni ganuni inayoonekana kupanda kila dumbaki inapoanza. Haipandi. Mtu wa miksi ameipandisha ili uisikie, na umepata vyote viwili.

La prodyuza ni gumu kulisikia katika wimbo mmoja. Sikiliza albamu nzima. Kama kosa ni lile lile kwenye nyimbo zote, kuna mtu alikuwepo siku zote hizo na akaliwacha lipite.

Basi tumfikie huyo prodyuza. Kama hapigi, harekodi, hachanganyi, analipwa kwa nini?

Kwa kuamua, na kwa kuwepo wakati wa kuamua.

Wimbo wetu ulipigwa mikupuo sita. Wa pili ulikuwa safi kabisa, hakuna aliyekosea. Wa nne mpiga nai alikosa pumzi mahali pamoja, inasikika mpaka leo ukiijua. Lakini kwenye mkupuo wa nne mwimbaji aliufikia ubeti wa tatu na kitu kikaingia sautini mwake, waitikiaji waliokuwa wamekaa wanasubiri wakaacha kuzungumza. Wapigaji wote walitaka wa pili, kila mtu alikuwa anasikiliza ala yake. Prodyuza akasema wa nne. Alikuwa sahihi, na bila ya yeye albamu ingekuwa safi na haina mtu ndani.

Ni yeye pia aliyeamua kwamba mwimbaji aimbe wakati mmoja na wanamuziki, lakini kwenye chumba cha pembeni, mlango wazi kidogo waonane, hedifoni kichwani. Angemweka katikati yao, sauti yake ingevuja kila mahali na asingeweza kurudia hata neno moja. Angemleta wiki ya pili aimbe juu ya muziki uliokwisha, wapigaji wasingekuwa na wa kumfuata, na taarab bila ya kufuatana inakuwa gwaride. Huo ni uamuzi mmoja unaogusa kazi ya wote watatu waliobaki, na hakuna mmoja wao mwenye haki ya kuufanya peke yake.

Upande wa pili wa daftari ni huu: ukumbi alioukodi ni wa siku moja, kwa nyimbo tano. Mashine ya njia kumi na sita ilikuwepo kwa kukodi, bei yake ikamtisha. Kama tungekuwa na siku mbili, fundi angekuwa na saa nzima ya kuhamisha watu na kusikiliza, na ugomvi wake na Maalim ungekwisha kwa majaribio badala ya haraka. Kwa hiyo ukiniuliza nani hasa aliila ganuni yetu, nitakwambia maiki ilikuwa ya fundi, kiti kilikuwa cha Maalim, lakini saa ilikuwa ya prodyuza. Na simu pia.

Mbona kwenye zenji flava prodyuza ndiye anayetengeneza biti?

Ni neno moja lenye kazi mbili. Kwenye zenji flava na bongo fleva, prodyuza anakaa na kompyuta, anatengeneza biti, ngoma, besi na kinanda, halafu msanii anaingia kibandani na kuimba. Hapo mtunzi wa muziki, mpangaji, fundi wa kurekodi na mara nyingi mtu wa miksi ni kijana mmoja na kiti kimoja. Hakuna uvujaji, maana hakuna anayevuja: kilichopo chumbani ni mdomo mmoja na maiki moja. Makosa yake ni mengine, na mengi ni ya kupanga, kama vile biti iliyojaa mpaka haina pa kuweka sauti.

Kwa hiyo ukisoma "prodyuza" tazama kwanza ni muziki gani.

Na huyu mwengine anayeitwa prodyuza mtendaji?

Mara nyingi ni aliyetoa pesa au aliyefungua mlango wa kuzipata. Anaweza kuwa hajakanyaga ukumbini. Mshukuru, lakini usimuulize habari za ganuni.

Nina albamu ambayo jina moja limeandikwa kwenye kazi zote nne. Ni kujisifu?

Si lazima. Huku kwetu mtu mwenye studio ndogo nyumbani anafanya yote kweli. Lakini jua alichokosa: mtu wa pili wa kumwambia kwamba haisikiki. Aliyerekodi anajua ganuni ilipiga nini, kwa hiyo anaisikia hata ikiwa haipo. Sikio lake linajazia. Ndiyo maana wanaoweza humpa miksi mtu ambaye hakuwepo siku ya kurekodi.

Zamani, wakati wa santuri, nani alifanya kazi hizi?

Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, hakukuwa na kuchanganya baadae. Kilichoingia kwenye nta ndicho kilichotoka kwenye santuri. Sauti zilipangwa kwa miguu: mwenye ala kali anarudishwa nyuma, mwimbaji anasogezwa mbele, kisha mnapiga mara moja mpaka mwisho. Kurekodi na kuchanganya ilikuwa kazi moja, na ilifanywa kwa kusogeza viti.

Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na kidogo. Fikiria wimbo unaoimbwa harusini mpaka watu wachoke wenyewe, sasa uingie kwenye dakika tatu. Beti zipi zibaki? Muziki wa mwanzo uwe mrefu kiasi gani? Kuna mtu aliamua, na huo ni upangaji na uprodyuza mtupu, hata kama kwenye karatasi ya katikati ya santuri hakuna mahali pa kumuandika.

Na mastering ni kazi ya nani kati ya hawa?

Si ya yeyote kati yao, au isiwe. Ni hatua ya baada ya miksi: nyimbo zote za albamu zinalinganishwa nguvu na rangi ili usishike kitufe cha sauti kila wimbo mpya unapoanza. Anayeifanya anapokea wimbo ukiwa umeshaunganishwa, kulia na kushoto tu. Ni vigumu kwake kuitoa ganuni humo.

Toleo la mtandaoni halina majina kabisa. Nitayapata wapi?

Kwenye simu mara nyingi utaona mwimbaji, mtunzi na prodyuza tu, na pengine hata hao hawajazwi, kwa sababu anayepakia nyimbo anaacha visanduku vitupu ili amalize haraka. Tafuta jaketi la karatasi kama lilitoka. Likikosekana, nenda klabuni jioni ya mazoezi, ukae, umwamkie Maalim kwanza, halafu uulize nani alipanga wimbo fulani. Wewe utakuwa umeuliza jina moja; atakutajia na aliyepiga, na aliyekataa kupiga, na aliyezima akodioni.